Bima ya Jengo la Kupangisha: Kipi Ulipie Kwanza

Fomu ya bima ya jengo ina maswali mengi, lakini swali moja ndilo linaloamua kama mwenye nyumba atainuka tena baada ya moto: jengo lina thamani gani? Ajabu ni kwamba ndilo linalojibiwa kwa haraka kuliko yote. Mmoja anaandika bei aliyonunulia miaka minane iliyopita. Mwingine anaandika kiasi cha mkopo wake wa benki. Wa tatu anamwambia wakala, "Nipigie hesabu, isizidi laki saba," naye wakala anaanzia kwenye hiyo laki saba, anarudi kinyumenyume mpaka anapata thamani inayolingana nayo. Karatasi inasainiwa, stakabadhi inatolewa, na mwenye jengo anarudi nyumbani akiamini kwamba amekata bima.

Swali la bima ya jengo la kupangisha kwa kawaida huulizwa hivi: nitumie shilingi ngapi kwa mwaka? Naona ni vizuri kuligeuza. Kwanza tujue hasara ipi ikitokea itakuangusha usiinuke, halafu tuone kuizuia hasara hiyo kunagharimu kiasi gani. Kiasi cha kulipa hutokana na jibu hilo. Ukianza na bajeti, utanunua karatasi inayolingana na bajeti yako, na jengo lako litabaki pale pale lilipokuwa.

Tuchukue mfano mmoja tuufuate mpaka mwisho. Jengo liko Tabata, Dar es Salaam, nalo lina sakafu tatu. Chini kuna fremu sita za biashara, na juu kuna nyumba nane, nne kila sakafu. Kila sakafu ina mita za mraba 300, kwa hiyo jumla ni mita 900. Fremu moja inapangishwa kwa shilingi 300,000 kwa mwezi na nyumba moja kwa shilingi 350,000, hivyo pango lote ni shilingi milioni 4.6 kwa mwezi, yaani milioni 55.2 kwa mwaka. Mwenyewe anadaiwa na benki milioni 360. Hesabu zote hapa chini ni za mfano. Viwango halisi utapewa na kampuni za bima baada ya kuliona jengo lako, lakini njia ya kuhesabu haibadiliki.

Thamani ya kuandika kwenye fomu ni gharama ya kulijenga jengo hilo upya, leo, kwa bei za leo. Haihusiani na bei ya soko. Bei ya soko imebeba kiwanja ndani yake, na kiwanja hakiungui. Mtu wa Kariakoo au Masaki akiandika bei ya soko atalipia kila mwaka bima ya ardhi ambayo hakuna moto utakaoifikia, na siku ya hasara kampuni haitamlipa zaidi ya gharama ya jengo. Mtu wa pembezoni mwa mji anaweza kukumbwa na kinyume chake: jengo lake haliuziki kwa bei nzuri kwa sababu ya barabara mbovu, lakini saruji, nondo na fundi wanamgharimu sawa na mwenzake wa mjini, pengine na zaidi.

Wa kukokotoa gharama hiyo ni mkadiriaji majenzi, au mthamini aliyesajiliwa anayeelezwa wazi kwamba unataka thamani ya bima. Ripoti ya uthamini iliyofanywa kwa ajili ya mkopo haitoshi, kwa sababu benki hutaka kujua jengo litauzwa kwa shilingi ngapi ukishindwa kulipa, na hilo ni swali jingine kabisa. Tuseme mkadiriaji wa jengo letu amepata shilingi 900,000 kwa kila mita ya mraba, ikiwa ni pamoja na kodi ya ongezeko la thamani ambayo mkandarasi atatoza na ambayo mwenye nyumba za kuishi hawezi kuirudisha. Mita 900 zinatupa shilingi milioni 810. Bado kuna mambo mawili ambayo husahaulika. Jengo lililoungua haliachi kiwanja kitupu. Linaacha kifusi na kuta zilizopasuka zinazopaswa kubomolewa kwa uangalifu, kisha kuzolewa. Tuweke milioni 30. Halafu kuna msanifu, mhandisi, mkadiriaji mwenyewe na ada za kibali cha ujenzi. Tuweke milioni 60. Jumla ni milioni 900. Uzio, geti, matangi ya maji, kisima na shimo la majitaka navyo viwemo ndani ya hesabu au vitajwe kwenye mkataba, maana kisichotajwa kinaweza kuleta ubishi.

Sasa mwenye jengo anaangalia milioni 900, anaona ni nyingi, anajiambia kwamba moto hauwezi kuchoma jengo lote la zege. Kwa hiyo anakata bima ya milioni 360 tu, sawa na deni la benki. Hoja yake ina ukweli ndani yake: mioto mingi huteketeza sehemu. Hapo ndipo kanuni ya uwiano inapomkuta. Kanuni hii huandikwa kwenye mikataba ya bima ya moto, nayo inasema kwamba ukikata bima pungufu ya thamani halisi, basi wewe mwenyewe unahesabiwa kuwa mbia wa kampuni katika kila hasara, kubwa na ndogo, kwa kadiri ya upungufu huo.

Moto umeanzia kwenye fremu moja usiku, umepanda hadi sakafu ya kwanza, umezimwa. Matengenezo ni milioni 100. Mwenye jengo anasema bima yangu ni milioni 360, hasara ni milioni 100, kwa hiyo nitalipwa yote. Mkadiriaji wa hasara aliyetumwa na kampuni anapima jengo, anapata thamani ya milioni 900, na anagawanya: 360 kwa 900 ni asilimia 40. Kampuni inalipa milioni 40, kabla hata ya kukata kiasi ambacho mkataba unamtaka mwenye bima ajibebee. Milioni 60 zinabaki juu ya mwenye jengo, nazo ni zaidi ya pango la mwaka mzima, tena katika mwaka ambao fremu na nyumba kadhaa hazikaliki.

Tuone aliokoa kiasi gani. Kwa kiwango cha mfano cha asilimia 0.15, bima ya milioni 900 ni shilingi 1,350,000 na ya milioni 360 ni shilingi 540,000. Tofauti ni 810,000, na ukiongeza kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 inakuwa 955,800. Kwa ajili ya kuokoa chini ya milioni moja kwa mwaka, alijitwisha hasara ya milioni 60. Na kama jengo lingeteketea lote, milioni 360 zingekwenda moja kwa moja benki, kwa sababu mkataba wa mkopo humtaja mkopeshaji kuwa wa kwanza kulipwa. Angebaki na kiwanja chenye kifusi, bila deni, na bila kipato.

Hii ndiyo sababu nasema thamani kamili ni jambo la kwanza kulipia, kabla ya nyongeza yoyote. Uliza pia kama mkataba una nafuu ya asilimia 85. Baadhi ya mikataba inayolipa kwa gharama ya kujenga upya husema kwamba kama thamani uliyoandika inafikia asilimia 85 ya gharama halisi, kanuni ya uwiano haitatumika. Kwa jengo letu mstari huo uko kwenye milioni 765. Usiulenge mstari huo kwa makusudi ili kupunguza ada. Bei za nondo, mabati na vigae hupanda katikati ya mwaka, na nafasi hiyo ya asilimia 15 imewekwa kwa ajili ya hilo. Vilevile moto unaweza kutokea mwezi wa mwisho wa mkataba, na ujenzi ukachukua mwaka na nusu baada ya hapo, kwa bei za wakati huo. Kwa hiyo thamani ihuishwe kila mwaka wakati wa kufufua bima, na kila baada ya miaka michache mkadiriaji aitwe tena.

Neno la kutafuta ndani ya mkataba ni "kujenga upya". Kuna mikataba inayolipa gharama ya kujenga upya, na kuna inayolipa thamani ya jengo baada ya kutoa uchakavu. Katika jengo jipya tofauti ni ndogo. Katika jengo la miaka 20, paa, nyaya, mabomba na milango huhesabiwa kuwa vimekwisha kuliwa na miaka, na unachopewa hakinunui paa jipya. Mwenye jengo kuukuu anayechagua mkataba wa bei nafuu mara nyingi amechagua huu wa pili bila kujua.

Jambo la pili kwa umuhimu, kwa maoni yangu, ni pango litakalopotea. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu ni kinga ya bei ndogo sana, na bado wenye majengo wengi hawaijui. Jengo likiungua, kampuni italipa matofali na saruji. Lakini wapangaji wamehama, na benki haisimamishi marejesho kwa sababu ya moto wako. Kwa desturi yetu ya kulipa pango miezi mitatu au sita mbele, kuna shimo jingine tena: mpangaji aliyelipa miezi sita Januari na nyumba ikaungua Februari atadai miezi yake arudishiwe, na fedha hizo mara nyingi zimeshatumika kulipa ada ya shule au kununulia bati za jengo jingine. Katika jengo letu, kama wote wamelipa miezi sita, fedha zilizo mikononi mwa mwenye jengo siku ya malipo ni milioni 27.6. Moto ukitokea mwezi wa pili, sehemu kubwa ya hizo ni deni.

Kinga ya upotevu wa pango hulipa pango kwa miezi ambayo jengo halikaliki kwa sababu ya janga lililo ndani ya mkataba. Cha kuamua ni idadi ya miezi. Wengi huandika sita au kumi na mbili kwa kufikiri muda wa fundi kujenga tu. Hesabu muda wote: wiki za uchunguzi wa moto, majadiliano na mkadiriaji wa hasara, kubomoa, michoro mipya, kibali, zabuni, ujenzi wenyewe, na hatimaye miezi ya kutafuta wapangaji wapya. Kwa jengo la sakafu tatu ningeweka miezi 18. Kwa pango la milioni 4.6 hiyo ni milioni 82.8, na kwa kiwango kile kile cha asilimia 0.15 ada yake ni shilingi 124,200 tu kwa mwaka.

Kinga hii haina uhusiano na mpangaji aliyehama usiku bila kulipa, wala na fremu iliyokaa wazi kwa kukosa mteja. Lazima kwanza jengo liwe limeharibiwa na jambo ambalo mkataba unalikubali. Kwa hiyo kama mafuriko hayamo kwenye kinga ya jengo, hayamo pia kwenye kinga ya pango.

Hilo linatuleta kwenye majanga yenyewe. Mkataba wa kawaida wa moto huanza na moto na radi, kisha majanga mengine huongezwa moja moja: dhoruba, mafuriko, tetemeko, kupasuka kwa mabomba, kugongwa na gari, ghasia. Usidhani yote yamo. Yasome kwa majina. Umuhimu wa kila moja unategemea jengo liko wapi. Mwenye nyumba za kupangisha Bukoba ana sababu ya kulitazama tetemeko kwanza, kwa sababu tarehe 10 Septemba 2016 mkoa wa Kagera ulitikiswa na tetemeko la ukubwa wa 5.9 lililoua watu na kubomoa maelfu ya nyumba. Aliye karibu na bonde la Msimbazi hana haja ya kuambiwa kuhusu mafuriko, ila anapaswa kusoma kiasi cha kujibebea, maana kwa mafuriko huwa kikubwa kuliko kwa moto, na katika maeneo yanayojulikana kufurika kampuni inaweza kukataa kabisa kuyaweka. Jengo letu la Tabata lipo juu, lakini mwenye jengo atembee eneo hilo wakati wa mvua za masika aone maji ya mtaa yanapita wapi kabla hajaiondoa kinga hiyo.

Ghasia zinahitaji kusomwa kwa makini ya pekee. Mikataba mingi huweka kinga ya migomo na vurugu za mitaani, lakini huondoa uharibifu wenye sura ya kisiasa, uasi au machafuko ya umma. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 nchini Kenya, wenye mali wengi waliochomewa majengo walikuta madai yao yakikataliwa kwa msingi huo, na tangu hapo kinga ya vurugu za kisiasa na ugaidi ikawa bidhaa ya kununuliwa peke yake. Kama jengo lina fremu zinazotazama barabara kuu au liko karibu na ofisi za serikali, kinga hii ina kazi. Kwenye mfano wetu tuikadirie kwa asilimia 0.05 ya thamani, yaani shilingi 450,000.

Kuna jambo ambalo bima ya moto na majanga hailifuniki, nalo ndilo linaloogopesha zaidi mijini kwetu: jengo kuporomoka lenyewe. Tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa liliporomoka Kariakoo na watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha. Mikataba huondoa kasoro za usanifu, ufundi mbovu na vifaa dhaifu. Ukijenga bila mhandisi, au ukiongeza sakafu ya nne juu ya msingi uliokusudiwa kubeba tatu, hakuna ada ya bima itakayokufidia. Fedha ya tatizo hilo inakwenda kwa mhandisi wa kupima nguzo, kabla haijafika kwa kampuni ya bima. Na ukarabati mkubwa ukianza, iarifu kampuni kwa maandishi. Kazi ya ujenzi huhitaji bima yake, na ukikaa kimya unaweza kuiharibu hata ile uliyokuwa nayo.

Kipaumbele cha tatu ni dhima kwa watu wengine. Kipande cha lipu kikimwangukia mpita njia, reli ya ngazi ikikatika mtoto akaanguka, tangi likapasuka juu ya duka la dawa na kuharibu shehena, anayeshitakiwa ni mwenye jengo. Hasara ya jengo ina mwisho, kwa sababu haiwezi kuzidi gharama ya kulijenga. Dhima haina mwisho wa namna hiyo, kwa sababu mtu aliyepooza anaweza kudai matunzo ya miaka yote iliyobaki. Kwa jengo lenye fremu, ambako watu wasiojulikana huingia na kutoka kutwa nzima, ningelipia dhima kabla ya ghasia. Tuseme kikomo ni milioni 200 na ada ni shilingi 400,000. Mlinzi na mfanya usafi ulioajiri wewe ni habari nyingine: wao wanahusika na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao mwajiri huchangia kwa mujibu wa sheria, kwa hiyo hakikisha umejisajili huko kabla ya kununua kinga nyingine inayowahusu.

Samani za wapangaji na bidhaa za kwenye fremu hazimo katika bima yako hata kidogo. Wengi wao hawalijui hilo. Wanaamini kwamba kwa kuwa baba mwenye nyumba ana bima, na wao wamo. Liandike kwenye mkataba wa upangishaji kwa sentensi moja iliyo wazi, na umweleze mpangaji kwa mdomo siku anapopewa ufunguo, ili mwenye duka akate bima ya mali yake mwenyewe.

Sasa tujumlishe. Jengo ni 1,350,000, pango 124,200, dhima 400,000, ghasia za kisiasa 450,000. Jumla ni 2,324,200, na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 ni 418,356, hivyo hundi ni ya shilingi 2,742,556. Hiyo ni takriban asilimia 5 ya pango la mwaka, au pango la siku 18. Sipendi kuutoa uwiano huo kama kanuni ya kila jengo, kwa sababu jengo la zamani lenye paa la mbao na pango dogo litakuwa na asilimia kubwa zaidi, na jipya la Mikocheni linaweza kuwa na ndogo. Lakini ukipata hundi iliyo chini sana ya hapo, rudi ukaangalie thamani iliyoandikwa. Ikiwa juu sana, angalia kama kiwanja kimejumuishwa, au kama umeuziwa vikorokoro.

Na vikorokoro vipo vingi: kinga ya vioo, ya pampu ya maji, ya taa za nje, ya mfumo wa kamera, ya wizi wa mabomba na koki. Kila kimoja kina ada ndogo inayovutia. Kanuni ninayoifuata ni kuuliza kama hasara hiyo naweza kuilipa kwa pango la mwezi mmoja au miwili bila kukopa. Nikiweza, siihamishii kampuni. Pampu ikiungua kwa sababu umeme umekuja kwa nguvu, unanunua nyingine. Kwa hasara za namna hiyo fungua akaunti ya pembeni, uweke humo asilimia fulani ya pango kila mwezi, na usiiguse kwa jambo jingine.

Njia nyingine ya kupunguza ada bila kugusa thamani ni kuongeza kiasi cha kujibebea. Tuseme mkataba unakutaka ubebe shilingi 500,000 za mwanzo katika kila hasara, na kampuni iko tayari kukupunguzia ada kwa 150,000 kwa mwaka ukikubali kubeba milioni 2. Umejiongezea mzigo wa milioni 1.5 kwa hasara moja. Gawanya milioni 1.5 kwa 150,000, unapata miaka kumi. Kama unatarajia kudai mara chache kuliko mara moja kwa miaka kumi, pokea punguzo. Kama kampuni haikupi punguzo la maana, baki na kiasi kidogo. Kuna kampuni zinazoandika asilimia 5 au 10 ya hasara badala ya kiasi maalumu. Hapo kuwa macho, kwa sababu asilimia 10 ya hasara ya milioni 500 ni milioni 50, na hizo hutazipata kwenye akaunti ya pembeni.

Tuseme mwenye jengo letu hana milioni 2.7. Ana milioni 1.8 tu mwaka huu. Ushawishi mkubwa utakuwa kupunguza thamani ya jengo, na tumeona kinachotokea. Afanye hivi: abaki na milioni 900 na miezi 18 ya pango, ambavyo kwa pamoja ni 1,474,200, na kwa kodi ni 1,739,556. Ghasia za kisiasa ziahirishwe. Kisha aombe kiasi kikubwa zaidi cha kujibebea kwenye jengo, na punguzo atakalopata, hata likiwa laki moja na nusu, aanze nalo kinga ya dhima yenye kikomo kidogo. Aulize pia kama mkataba wa jengo una dhima ya mwenye mali ndani yake tayari, kwa sababu baadhi huwa nayo kwa kiwango cha chini, na asiilipie mara mbili. Mwaka unaofuata aongeze kilichobaki.

Hata mkataba uliolipiwa vizuri unaweza kuvunjwa na taarifa zisizo sahihi. Kwenye fomu mwenye jengo aliandika "makazi na maduka". Miezi mitano baadaye fremu moja ikawa mgahawa wenye mitungi mitatu ya gesi, na nyingine ikawa stoo ya magodoro ya sponji. Kwa mtu wa bima hilo ni jengo tofauti na lile alilolikubali, na akiligundua siku ya moto ana haki ya kuhoji kwa nini hakuambiwa. Mpe wakala wako barua kila mara matumizi yanapobadilika, naye akugongee muhuri nakala ibaki kwako. Fanya hivyo pia jengo likikaa tupu kwa zaidi ya mwezi, kwa mfano wakati wa ukarabati, kwa sababu mikataba mingi hupunguza kinga kwa jengo lisilokaliwa. Ada itaongezeka kidogo ukisema una mgahawa, na nyongeza hiyo ni haki kumdai mpangaji wa mgahawa kupitia pango lake.

Kabla ya kulipa, omba bei kwa kampuni tatu, moja kwa moja au kupitia dalali wa bima aliyesajiliwa, na uwape wote karatasi ile ile: thamani ile ile, miezi ile ile ya pango, majanga yale yale. Bila hivyo unalinganisha vitu visivyofanana, na wa bei ya chini atakuwa ameacha jambo fulani. Hakikisha kampuni na wakala wana leseni ya Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, yaani TIRA, lipa kwa akaunti ya kampuni, na uhakiki bima yako kwenye mfumo wa mamlaka hiyo. Fedha iliyotumwa kwenye simu ya wakala binafsi inaweza isifike mahali pake, na ada isipolipwa hakuna kinga. Kisha omba mkataba kamili wenye masharti. Ukurasa mmoja wa muhtasari hautakuonyesha kanuni ya uwiano wala mambo yaliyoondolewa.

Siku ya janga, baada ya kupiga 114 kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji na watu kuwa salama, iarifu kampuni siku hiyo hiyo, kisha uthibitishe kwa maandishi. Piga picha kabla mafundi hawajagusa kitu. Chukua ripoti ya zimamoto na ya polisi. Usianze kubomoa kabla mkadiriaji wa hasara hajafika, ila kile kinachohatarisha watu. Atakuomba mikataba ya upangishaji na kumbukumbu za malipo ya pango, na hapo wenye nyumba wanaopokea fedha mkononi bila stakabadhi hupata shida kuthibitisha milioni zao 4.6 kwa mwezi. Michoro ya jengo, kibali, ripoti ya mkadiriaji majenzi na picha za kila sakafu vihifadhiwe nje ya jengo hilo, kwa ndugu au kwenye barua pepe. Kampuni ikikubali dai lakini ikachelewa, omba malipo ya awali kwa sehemu isiyo na ubishi, kama kuondoa kifusi na pango la miezi iliyokwisha pita. Ikikataa, idai sababu kwa maandishi, ikitaja kifungu cha mkataba, kwa sababu hiyo ndiyo karatasi ambayo TIRA au msuluhishi wa migogoro ya bima ataanzia nayo.